Soma kwa Sauti, Kisha Soma Kinyumenyume: Namna ya Kukamata Makosa ya Kuchapa Kabla Hujatuma

Nilikuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa nilipobandika tangazo lenye sentensi hii: "Wanachama waliolipa kufikia tarehe 30 watatozwa faini." Nilikusudia kuandika "wasiolipa". Herufi moja tu, s ikawa l, na tangazo likasema kinyume kabisa cha kilichoamuliwa kikaoni. Nilikuwa nimelisoma mara tatu kabla ya kulichapisha. Mama mmoja aliyekuwa amelipa hisa zake zote alikuja kuniuliza kwa upole kosa lake ni nini, na sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwomba radhi.

Tangu siku hiyo situmi barua, muhtasari wala tangazo kabla sijalisoma kwa njia mbili: kwanza kwa sauti, kisha kinyumenyume. Hazihitaji programu wala mtandao. Zinahitaji karatasi, kalamu na utaratibu, na utaratibu wenyewe ndio ninaotaka kuueleza hapa, kwa sababu wengi wanajua kwamba kusoma kwa sauti husaidia, lakini wanasoma kwa namna ambayo haiwezi kukamata kitu.

Kwa nini macho yako hayaoni

Ukisoma maandishi yako mwenyewe, husomi kilichopo kwenye karatasi. Unasoma kile unachokumbuka uliandika. Jicho halipiti juu ya kila herufi. Huruka, likatua kidogo, likaruka tena, na akili hujaza yaliyobaki. Kwa maandishi ya mtu mwingine akili hujaza kwa kukisia. Kwa maandishi yako haihitaji hata kukisia, maana tayari inajua sentensi inaishaje.

Katika Kiswahili tatizo hili lina sura yake. Kitenzi chetu hubeba mambo mengi katika neno moja: nani ametenda, lini, nani katendewa, na kama jambo limekubaliwa au limekanushwa. Mara nyingi kosa hukaa katikati ya neno refu, mahali ambapo jicho halitui. Na neno lililokosewa mara nyingi hubaki kuwa neno halali. "Waliolipa" ni Kiswahili safi. "Tutalipa" ni Kiswahili safi hata kama ulitaka kuandika "hatutalipa". Kompyuta nyingi nazo zimewekwa Kiingereza, kwa hiyo ukurasa mzima wa Kiswahili unapigiwa mistari myekundu, na mtu anaizoea mpaka haimwambii chochote tena.

Njia hizi mbili zinamvunjia msomaji mazoea, kila moja kwa upande wake. Sauti inakulazimisha kupita kwenye kila silabi. Kinyumenyume kunakunyang'anya maana, ili ubaki na maumbo ya maneno tu. Kwa hiyo kila moja inakamata makosa ambayo nyingine inayaacha yapite, na ndiyo sababu nafanya zote mbili.

Hatua ya kwanza: badilisha sura ya maandishi

Ukimaliza kuandika, usisome papo hapo. Mimi huacha yalale usiku mmoja, na nikibanwa na muda naacha angalau nusu saa nikafanye kazi nyingine. Kisha chapisha kwenye karatasi, na mistari iwe na nafasi ya kutosha kuandikia kati yake. Ukikosa printa, badilisha fonti, ongeza ukubwa wa herufi na upunguze upana wa ukurasa. Lengo ni mistari ikatike mahali papya. Neno lililorudiwa, kama "na na", hujificha vizuri sana pale "na" ya kwanza inapokuwa mwisho wa mstari na ya pili mwanzo wa mstari unaofuata. Mistari ikikatika upya, zote mbili zinakaa pamoja na unaziona.

Hatua ya pili: soma kwa sauti, kidole kikiwa chini ya neno

Kunong'ona hakutoshi. Ukinong'ona midomo inateleza, na silabi unazodhani umezitamka hukuzitamka. Soma kwa sauti ambayo mtu aliye upande wa pili wa meza angeisikia, na kidole au ncha ya kalamu ikae chini ya neno unalolitamka. Bila kidole, mdomo unakimbia mbele ya jicho na unaanza kusema yaliyomo kichwani.

Katika jambo hili mwandishi wa Kiswahili ana bahati. Maandishi yetu yanafuata matamshi kwa karibu sana, hakuna herufi za kimyakimya, kwa hiyo herufi ikikosekana sauti nayo inakosekana. Mkazo nao, katika maneno mengi, unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukidondosha silabi karibu na mwisho wa neno, mkazo unahama na neno linagonga sikio. Lakini bahati hii inafanya kazi pale tu unaposoma kilichoandikwa. Kwa hiyo vitenzi virefu vikate silabi kwa silabi: zi-ta-fu-ngwa. Ni kazi ya kuchosha, ila ndiyo inayokamata.

Alama za uandishi zitaje kwa majina. Sema "koma", sema "nukta", sema "herufi kubwa" unapoanza jina la mtu. Zamani katika matbaa walisoma prufu wawili wawili hivyo hivyo: mmoja anasoma nakala ya awali kwa sauti pamoja na alama zake zote, mwenzake anafuatilia kwa kalamu kwenye karatasi iliyopigwa chapa. Ukiwa na mtu wa kukusaidia, fanya kama wao, na mwache yeye asome kwa sauti ilhali wewe unashika kalamu. Yeye hakumbuki uliloandika, kwa hiyo atasoma lililopo, na mahali anapokwama pana jambo. Usimsahihishe, weka alama na umwache aendelee.

Namba zisome tarakimu moja moja. Shilingi 25,000 ni "mbili, tano, koma, sifuri, sifuri, sifuri". Ukisema "elfu ishirini na tano" umesema unachokijua, na hujaangalia kilichopo.

Ukikuta kosa, usisimame kulirekebisha. Chora mstari chini yake, weka alama pembeni mwa ukurasa, endelea mpaka mwisho wa aya. Ukisimama kurekebisha unarudi kuwa mwandishi, na mwandishi ndiye yule asiyeona. Kuhusu kasi, ukurasa wa maneno kama 250 unanichukua dakika tatu hadi nne. Siku ninapoumaliza kwa chini ya dakika mbili, najua nilikuwa nakariri, na narudia.

Hatua ya tatu: sahihisha, na ufuate mkia wa kila nomino uliyoibadilisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi ya Kiswahili yanapozaliwa, na yanazaliwa wakati wa kusahihisha kwenyewe.

Tuseme umeandika: "pesa zilizotolewa mwaka jana na namna ya kuzirejesha." Baadaye unaona neno "pesa" halijitoshelezi, unaweka "mikopo". Umebadilisha neno moja, lakini pesa ilikuwa na mkia: zi- katika "zilizotolewa", na zi- nyingine imezama ndani ya "kuzirejesha". Mikopo inataka "iliyotolewa" na "kuirejesha". Lugha isiyo na ngeli haina taabu ya namna hii. Kwetu, ukigusa nomino umegusa kila kivumishi, kila kitenzi na kila kiwakilishi kinachoifuata, na wakati mwingine mkia huo unavuka nukta na kuingia sentensi inayofuata.

Kwa hiyo kila ninapobadilisha nomino naizungushia duara, kisha nachora mstari kutoka hapo hadi kwenye kila neno linalopatana nayo, mpaka mwisho wa aya. Maneno ya mwanzo, yale yaliyo karibu na nomino, utayaona bila shida. Hatari iko kwa la mwisho, hasa likiwa limefichwa katikati ya kitenzi.

Masahihisho yote ya maana, kama kubadilisha sentensi, kukata au kuongeza, yaishe katika hatua hii. Kusoma kinyumenyume kunakuja baadaye kwa sababu hiyohiyo: ukianza nako halafu ukabadilisha sentensi, umeleta makosa mapya mahali ulipokwisha kukagua.

Hatua ya nne: soma kinyumenyume, sentensi kwa sentensi

Watu wakisikia "kinyumenyume" wanafikiri ni kusoma herufi kutoka kulia. Sivyo. Kuna namna mbili, na ya kwanza ni ya sentensi. Anza na sentensi ya mwisho ya andiko lako, uisome yote kwa mwendo wa kawaida kutoka kushoto. Kisha panda kwenye iliyo kabla yake, na nyingine, mpaka ufike juu.

Kinachotokea ni kwamba hadithi inakatika. Sentensi inakuja peke yake kama mgeni, na inabidi isimame kwa miguu yake. Hapa ndipo unapoona kitenzi kisichopatana na nomino yake, sentensi isiyo na kitenzi kabisa, au "ha" ya kukanusha iliyodondoka. Kwa kila sentensi jiulize jambo moja tu: ikisomwa hivi ilivyo na mtu asiyenijua, itasema nilichokusudia? Lile tangazo langu la faini lingenaswa hapa.

Kwa namna hii hutajua kama aya zinafuatana vizuri, na usijisumbue nalo. Hilo umekwisha kulisikia uliposoma kwa sauti.

Hatua ya tano: kinyumenyume neno kwa neno, kwa yale machache yasiyotaka kosa

Chukua kipande cha karatasi ngumu, funika mistari yote isipokuwa wa mwisho, na usome neno la mwisho, kisha lililo kabla yake, ukisogea kutoka kulia kwenda kushoto. Maana imekufa kabisa. Kinachobaki ni tahajia: neno hili limeandikwa sawa, au halikuandikwa sawa?

Njia hii ina nguvu kwa neno ambalo halipo katika lugha, kwa neno lililorudiwa, kwa maneno yaliyounganishwa yasipotakiwa kuungana, na kwa majina ya watu. Ni kipofu kabisa kwa neno halali lililokaa mahali pasipo pake. "Kupiga" badala ya "kupika", "shairi" badala ya "shauri", "kuoa" badala ya "kuona": vyote vitapita, kwa sababu kila kimoja ni neno sahihi kikiwa peke yake.

Inachosha pia. Baada ya ukurasa mmoja au miwili macho yanaanza kuteleza, na kuendelea ni kujidanganya. Mimi naitumia kwa vichwa vya habari, majina, namba, maelezo ya picha, kadi za harusi na matangazo mafupi. Kwa ripoti ya kurasa arobaini nasoma hivyo ukurasa wa kwanza, majedwali na vichwa vyote, na sehemu nyingine naishia kwenye hatua ya nne.

Tangazo moja, makosa manane

Tuone kazi yenyewe. Hili ni tangazo la kikundi, lenye makosa ya aina ninazokutana nazo kila mara. Lisome kwanza wewe mwenyewe kwa macho tu, uhesabu unayoyaona.

> Ndugu wanachama, mnakaribishwa kwenye mkutano mkuu wa kikundi chetu utaofanyika Jumamosi tarehe 14, saa 4 asubuhi, katika ukumbi wa kata. Katika mkutano huo tutajadili mikopo zilizotolewa mwaka jana na na namna ya kuzirejesha. Hesabu zitafugwa Ijumaa jioni, kwasababu mweka hazina anahitaji muda wa kuandaa taarifa. Viongozi wapya watachagulwa siku hiyohiyo. Atakayechelewa atatozwa faini ya shilingi 5,00.

Kwa sauti, kidole kikiwa chini ya neno, ninakamata manne. "Mikopo zilizotolewa" inagonga sikio mara moja. "Na na" inanaswa na kidole, kwa sababu kinalazimika kusogea mara mbili kwa sauti ileile. "Zitafugwa" inajitokeza ninapoikata silabi: zi-ta-fu-gwa. Wanaofugwa ni mbuzi na kuku, hesabu hufungwa. Na faini, ninapoisoma tarakimu moja moja, "tano, koma, sifuri, sifuri", inaishia mapema. Ilitakiwa kuwa 5,000.

Narekebisha: "mikopo iliyotolewa mwaka jana na namna ya kuzirejesha." Ona kilichobaki. Nimegusa neno lililo jirani na nomino, nikaridhika, nikauacha mkia. Kama ningechora mistari kutoka kwenye "mikopo" ningeuona. Sikuchora, kwa hiyo "kuzirejesha" inasubiri hatua ya nne. Hapo sentensi ya pili inakuja peke yake, na ninajiuliza hiyo "zi" ni ya nini. Hakuna pesa wala fedha ndani ya sentensi nzima. Inakuwa "kuirejesha". Hilo ni la tano.

Matatu yaliyobaki yanangoja neno kwa neno. "Watachagulwa" ilipita kwa sauti kwa sababu ulimi, kwa mazoea, uliitia ile i yenyewe. Mdomo wangu ulisema "watachaguliwa" na sikio likakubali. Ikiwa peke yake chini ya karatasi ngumu, ile "-lwa" inaonekana waziwazi. "Kwasababu" haiwezi kusikika, maana nafasi kati ya maneno haina sauti. Jicho pekee ndilo linaloweza kuona kwamba ni maneno mawili, "kwa sababu". Na "utaofanyika" ilipita kwa sababu nyingine kabisa: hivyo ndivyo wengi wetu tunavyozungumza. Kiswahili sanifu kinataka "utakaofanyika", na sikio lililozoea mazungumzo halilalamiki.

Jambo moja halionekani kwa njia yoyote kati ya hizi. Kama tarehe 14 ya mwezi huo si Jumamosi, tangazo litasomeka vizuri mbele na nyuma. Fungua kalenda. Hali kadhalika saa: kama kuna mwanachama anayesoma saa za kimataifa, "saa 4 asubuhi" ni 10:00 kwenye simu yake, na tahajia haihusiki hapo.

Pale ambapo sauti yako itakudanganya

Sauti inapima maandishi kwa lafudhi ya msomaji, na kila mmoja wetu ana yake. Kama katika matamshi yako l na r hukaribiana, utasoma "karamu" na "kalamu" kwa sauti moja na hutaona chochote. Vivyo hivyo dh na z, th na s, gh na g, au h inayodondoka mwanzoni mwa neno ikaacha "apa" badala ya "hapa". Hili si aibu. Ni jambo la kujijua. Andika orodha yako mwenyewe ya maneno kumi au kumi na tano ambayo sauti yako haiyatofautishi, uyahakikishe kwenye kamusi mara moja, kisha uiweke orodha hiyo karibu na meza.

Ongeza kwenye orodha hiyo makosa yasiyo na sauti: "kwasababu", "kwahiyo", "kwaajili", na "ngombe" iliyokosa kibainishi chake cha ng'. Haya hayahitaji kusomwa. Bonyeza Ctrl+F, andika umbo lenye kosa, na kompyuta itakuonyesha kila mahali lilipo. Yale yenye maumbo mawili halali, kama "kalamu" na "karamu", yatafute yote mawili na uangalie kila moja lilipokaa.

Hatua ya mwisho: kagua masahihisho yenyewe

Ukishaingiza masahihisho kwenye kompyuta, rudi na ile karatasi yenye alama. Weka kidole kwenye alama ya kwanza, tazama mahali hapohapo kwenye skrini, usome kwa sauti sentensi nzima iliyoguswa, si lile neno peke yake, kisha weka tiki kwenye karatasi. Nenda kwenye alama ya pili. Alama isiyo na tiki ni kosa ambalo ulilikamata halafu ukalisahau, na katika kila andiko refu huwa nakuta moja au mawili ya namna hiyo. Tuma pale tu karatasi nzima inapokuwa na tiki.